Taa ya sola au tochi ya kuchaji imekufa: maswali ya wanaotuma picha kutoka Moshi na Arusha

Meza yangu ya ufundi iko Moshi mjini, ila siku hizi nusu ya kazi inaanzia kwenye simu. Mtu anatuma picha ya taa iliyopigwa usiku, imekaa mezani, na chini yake ameandika: "Fundi, betri ya hii inapatikana?" Maswali yaliyo hapa ndiyo yanayorudi kila wiki, kutoka Kibosho, Marangu, Usa River, Monduli na kwingineko. Soma yanayokuhusu, mengine yaruke.

## Picha na utambuzi

Nimekutumia picha ya taa yangu. Mbona huniambii inatumia betri gani?

Kwa sababu ganda la taa halisemi kilichomo ndani. Viwanda vingi hununua ganda lilelile, kisha kila kimoja kinaweka betri yake. Nimewahi kufungua tochi mbili za rangi moja na umbo moja, zimenunuliwa meza moja ya sokoni: ya kwanza ilikuwa na betri ya asidi ya volti 4, ya pili ilikuwa na lithiamu ya volti 3.7. Ukizibadilishia, moja haitajaa na nyingine inaweza kuwaka moto. Kwa hiyo picha ya nje ninaitumia kukisia tu, na betri hainunuliwi kwa kukisia.

Basi nipige picha gani?

Nne zinatosha. Ya kwanza ni taa nzima, pembeni yake umeweka rula ya shule. Kama rula hakuna, weka betri ya rimoti ya saizi AA, siyo ile nyembamba ya AAA, maana yenyewe ina urefu wa milimita 50 na mimi nitapima kwa macho. Ya pili ni maandishi ya nyuma au ya chini ya taa, pamoja na yale ya mgongoni mwa paneli. Ya tatu ni tundu la kuchajia, karibu kabisa. Ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote: betri yenyewe baada ya kufungua skrubu, ionekane pande zote pamoja na nyaya zake na bodi.

Maandishi ya taa hizi mara nyingi yamechongwa kwenye plastiki yenyewe, kijivu juu ya kijivu, na mwanga wa simu ukiyapiga usoni unayafuta kabisa. Paka chaki au unga kidogo, pangusa juu kwa kiganja, unga utabaki kwenye herufi. Kisha piga picha mchana karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni. Mama mmoja wa Old Moshi alitumia unga wa ugali, na picha yake nikaisoma kuliko za vijana wenye simu kubwa.

Taa haina jina popote. Kuna haja ya kulijua?

Jina linasaidia pale ambapo nyuma yake kuna kampuni yenye mawakala. Taa ya Sun King au d.light, kwa mfano, inaweza kuwa bado iko kwenye dhamana, na ukiifungua mwenyewe unaweza kuipoteza. Anza kwa wakala, na risiti yako mkononi. Taa zilizopimwa ubora zimeorodheshwa pia na VeraSol mtandaoni, na ukiwa na jina kamili la modeli unaweza kukuta humo aina ya betri na ukubwa wa paneli.

Kwa taa isiyo na jina, usipoteze siku kulitafuta. Unachohitaji ni aina ya betri, volti zake, vipimo vyake vya mwili, na volti za paneli. Ukiwa na hivyo vinne, jina halina kazi.

Nikitafuta kwa picha mtandaoni je?

Utapata ganda linalofanana na bei ya dukani ng'ambo. Kilichomo ndani bado hujakijua. Rudi swali la kwanza.

## Betri

Nimefungua taa. Nitajuaje hii ni betri ya aina gani?

Anza na umbo. Kama ni boksi la plastiki gumu, zito kuliko linavyoonekana, lina vipande viwili vya bati juu vyenye waya mwekundu na mweusi, hiyo ni ya asidi. Kwenye tochi za mkono nyingi huandikwa 4V, na kwenye taa kubwa za mezani 6V. Uzito wake ni wa risasi, mkono unautambua mara moja.

Kama ni bomba la chuma lililovikwa plastiki ya rangi, ni lithiamu, na hapa ndipo watu wanapopotea, kwa sababu lithiamu ziko mbili. Moja ni ya volti 3.7, nyingine ni ya volti 3.2 ambayo kwenye lebo huandikwa LiFePO4. Umbo moja, kipimo kimoja, hata rangi inaweza kuwa moja. Taa nyingi nzuri za sola hutumia hii ya 3.2 kwa sababu inavumilia joto na kuchajiwa mara nyingi.

Iliyo bapa kama ya simu, imefungwa kwenye karatasi ya fedha, kwa kawaida ni lithiamu ya 3.7. Na ukikuta vibetri vitatu kama vya rimoti vimefungwa pamoja, hiyo ni ya nikeli, kila kimoja volti 1.2, jumla 3.6. Taa ndogo za kuchomeka bustanini huwa na kimoja tu cha aina hiyo. Usikibadilishe kwa betri ya kawaida ya redio, kwani ile haichajiwi na itavuja ndani ya taa.

Lebo imefutika au imechanika. Mita inaweza kusema?

Inaweza, kama betri bado ina uhai. Iweke kwenye volti za DC, gusa ncha mbili za betri. Ukisoma 3.9 au 4.1 kwenye bomba la lithiamu, hiyo si ya 3.2, kwa sababu ya 3.2 huchajiwa mwisho 3.65 na ikipumzika inashuka hadi 3.3 au 3.4. Betri iliyokaa kwenye 3.2 au 3.3 saa nyingi huku taa inawaka, kisha ikaanguka ghafla, ina tabia ya LiFePO4. Ya 3.7 hushuka polepole, hatua kwa hatua.

Kama imekufa kabisa, tazama bodi. Ukiona kidude cheusi chenye miguu minane kimeandikwa `TP4056` au `4056` tu, hicho huchaji mpaka volti 4.2, kwa hiyo betri yake ni ya 3.7. Kipige picha. Kisipokuwepo usikisie, leta taa mezani.

3.2 na 3.7 zinapishana nusu volti. Kwa nini nisiweke yoyote itakayopatikana?

Hili nalijibu kwa taa moja niliyoletewa kutoka Kibosho, kwani kosa lenyewe lilikuwa hilihili.

Mwenye taa alikuwa bibi anayeiacha jikoni usiku kwa ajili ya ng'ombe. Picha ya kwanza ilionyesha taa ya mpini wa njano, haina jina. Malalamiko: "Nimeweka betri mpya kabisa, inawaka saa moja tu, inazima." Nikamwomba mjukuu wake afungue na kupiga picha za ndani. Betri mpya ilikuwa bomba la 3.7V, 2600mAh, kipimo cha 18650, yaani milimita 18 upana na 65 urefu. Nikauliza ya zamani iko wapi. Ilikuwa bado kwenye kikapu cha takataka, imefutika nusu, lakini herufi zilizobaki zilisomeka: 3.2V, 1500mAh.

Hapo jibu likawa wazi. Bodi ya taa ile iliacha kuchaji ilipofika kama volti 3.6, kwa sababu kwake hapo ndipo betri imejaa. Lakini betri ya 3.7 ikiwa kwenye 3.6 haina hata robo ya chaji yake. Betri ilikuwa nzima na dukani hakudanganywa namba. Kila siku ilijazwa robo, ikatumika robo. Alipowekewa ya 3.2 yenye 1500mAh, ndogo kwa namba kuliko ile aliyoitoa, taa ikarudi kuwaka usiku mzima kwenye mwanga mdogo.

Ukikosea kwa upande wa pili mambo ni mabaya zaidi. Betri ya 3.2 kwenye bodi ya 4.2 inasukumwa kupita kikomo chake kila siku. Inapata joto, inavimba, inakufa mapema. Kwa hiyo namba ya volti ifanane na ya zamani, neno kwa neno.

Tochi yangu ni ya asidi 4V. Naweza kuweka lithiamu ili iwe nyepesi?

Usiweke hivihivi. Bodi ya tochi ya asidi mara nyingi haina kitu cha kusimamisha chaji, kwani betri ya asidi huvumilia kupanda hadi karibu volti 4.8. Lithiamu ikipita 4.2 inaanza kuharibika, na ikiendelea inaweza kuwaka. Kubadilisha kunawezekana ukibadilisha na bodi ya kuchajia pia, lakini hiyo ni kazi ya fundi, na kwa tochi ya bei ya chini haifai gharama. Nunua betri ya asidi nyingine ya 4V yenye boksi la kipimo hichohicho.

Neno moja kuhusu hizi za asidi: hufa kwa kukaa bila chaji kuliko kwa kutumika. Ikijaa na kupumzika husoma kama 4.2. Iliyowekwa kabatini miezi sita ikiwa tupu, ukiipima ikasoma chini ya 3.5, mara nyingi hairudi hata uichaji wiki nzima.

Dukani kuna ya 1200mAh na nyingine ya 9900mAh, umbo moja. Si nichukue kubwa?

Ile 9900 ni uongo ulioandikwa kwenye plastiki. Bomba la 18650, hata lile bora la kawaida, hufika kama 3500 hivi. Anayeandika 9900 hana haya, na betri yake mara nyingi ni mbovu kuliko ile iliyoandikwa 1200 kwa ukweli. Ya 3.7 iliyo halisi ina uzito wa gramu 45 hivi. Ukiiweka kwenye mizani ndogo ikasoma 28 au 30, irudishe.

Betri niliyonunua haiingii, au inaingia lakini inacheza.

Angalia kama imeongezewa kibodi cha ulinzi chini yake, kwani hicho huirefusha hadi karibu milimita 69. Kama inacheza, huenda ya zamani ilikuwa na kichwa kilichoinuka na uliyonunua ina kichwa bapa. Kama ya zamani ilikuwa imelehemiwa, nunua yenye masikio ya bati tayari. Kuipiga betri yenyewe kwa pasi ya moto ya kulehemu kunaipikia tumbo.

Nizitafute wapi?

Moshi, anza kwa mafundi wa redio na simu maeneo ya stendi na Soko la Mbuyuni. Arusha, tembea kuanzia Soko Kuu kwenda Kilombero. Usitaje jina la taa, watakuambia haipo. Mpe mwenye duka betri ya zamani mkononi na useme: "Naomba kama hii, tatu nukta mbili, siyo tatu nukta saba." Kabla ya kulipa omba ipimwe kwa mita. Mpya ya lithiamu inayosoma chini ya 2.5 imekaa rafuni mno, iache. Zile zilizotolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani ni za 3.7 zote na hujui zimebaki na umri gani. Kwa tochi ya kuchezea sawa, kwa taa ya kulala nayo chumbani hapana.

## Paneli

Paneli imepotea au imevunjika, na haina maandishi. Nijuaje volti zake?

Hesabu vipande. Paneli ndogo imekatwa vipande vyembamba vilivyotenganishwa kwa mistari, na kila kipande hutoa kama nusu volti kikiwa kazini. Vipande 11 au 12 ni paneli ya volti 5.5 hadi 6. Vipande 36 ni ile ya volti 18 ya kuchajia betri ya gari. Hata iliyovunjika inahesabika, kwa hiyo piga picha yake kabla ya kuitupa.

Kama imepotea kabisa, rudi kwenye betri. Taa yenye lithiamu moja, iwe 3.2 au 3.7, kwa kawaida hutaka paneli ya volti 5 hadi 6. Ya asidi 4V hutaka 6. Ya asidi 6V hutaka 9. Ya 12V hutaka 18.

Nina paneli ya 18V nyumbani. Naweza kuichomeka kwenye taa ndogo?

Hapana. Volti zitapita bodi ya taa na kuiunguza, na kwenye taa ambayo paneli inaingia moja kwa moja kwenye betri, itaichemsha betri. Nyingi ninazoletewa zikiwa na harufu ya kuungua zimepita njia hii.

Na paneli yenye volti sawa lakini wati kubwa zaidi?

Hiyo inafaa, kwa kiasi. Chukua taa ile ya Kibosho: betri ya 3.2V na 1500mAh inabeba wati-saa 4.8. Paneli yake ilikuwa ya wati 1.2. Kwa saa tano za jua zuri inatoa wati-saa 6, na ukiondoa zinazopotea njiani hubaki kama 4. Yaani siku nzuri inakaribia kuijaza, siku ya wingu haijazi. Nikimpa paneli ya volti 6 na wati 3, itatoa nusu ampea, ambayo betri ya 1500 inaimudu bila taabu, na hata siku ya mawingu ya Juni na Julai atapata kitu. Zaidi ya hapo sikushauri kwa taa ndogo. Kwa ya asidi kuwa mwangalifu zaidi, kwani haina wa kuisimamishia chaji.

Pini haiingii kwenye tundu.

Tundu la duara liko la vipimo kadhaa. Linaloonekana sana kwenye vifaa vikubwa lina upana wa nje wa milimita 5.5, na la taa ndogo ni 3.5. Mara nyingi ni rahisi kukata pini ya zamani ikiwa na sentimita kumi za waya na kuiunga kwenye paneli mpya. Kabla ya kuunga, pima kwa mita upande gani ni chanya. Rangi za nyaya usiziamini. Kwa kawaida chanya iko katikati ya pini, lakini zipo zilizogeuzwa, na hilo picha haiwezi kuonyesha.

Paneli inasoma volti 6 juani, lakini taa haichaji.

Volti bila mkondo. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, weka paneli kwenye jua kali la saa sita, gusa nyaya zake mbili. Paneli ya wati 1.2 na volti 5.5 inapaswa kusoma karibu 0.2. Ikisoma 0.02, kuna kipande kimepasuka au maungio yameota kutu ya kijani. Paneli ya kupima hivi ni hizi ndogo tu, na betri usiipime hivyo kamwe.

Ila kabla ya kuilaumu, angalia ilipowekwa. Vipande vimeungwa mfululizo, na kivuli kwenye kimoja kinabana vyote, kama mtu anayekanyaga bomba la maji. Yule bibi alikuwa ameianika kwenye paa la jiko katikati ya kihamba, na jani moja la mgomba lilipita juu yake kutwa. Volti zilikuwepo, mkondo haukuwepo. Tuliisogeza mita nne.

## Hali za pembeni

Tochi ya kuchomeka ukutani inanishtua nikiifungua.

Ichomoe kwanza, kisha ndiyo ufungue, na usijaribu kupima ndani ikiwa imechomekwa. Nyingi za bei nafuu hazina transfoma. Umeme wa volti 230 unapunguzwa kwa kapasita na diodi tu, kwa hiyo kila kitu cha ndani, hata nguzo za betri, kinaweza kuwa na umeme wa ukutani. Kwa sababu hiyohiyo usiiwashe wala kuishika sehemu za chuma ikiwa inachaji na ganda limepasuka.

Betri imevimba lakini bado inafanya kazi.

Itoe leo, iweke kwenye bati au ndoo ya mchanga nje ya nyumba. Usiitoboe kutoa hewa, na usiitupe kwenye moto wa takataka.

Taa ni ya kulipia kidogo kidogo na imejifunga. Betri mpya itaifungua?

Haitaifungua. Kufuli iko kwenye bodi na hufunguka kwa namba za malipo. Ukiifungua kabla ya kumaliza deni unapoteza dhamana na unabaki na ugomvi na wakala. Ukishamaliza deni na betri ikafa, inashughulikiwa kama taa nyingine yoyote.

Mimi ni mpagazi. Taa ya kichwani inazima kabla ya kufika kileleni, nyumbani inawaka usiku mzima.

Betri huenda ni nzima. Lithiamu kwenye baridi kali hutoa pungufu, na usiku wa kilele Kilimanjaro joto hushuka chini ya sifuri. Beba betri ya akiba ndani ya koti, karibu na mwili, na uibadilishe njiani. Ile iliyozima usiichaji kwa pawabenki ukiwa bado kwenye baridi ya chini ya sifuri, inaharibika ndani. Ipashe joto kwanza kwenye begi la kulalia. Ukirudi Moshi bado inazima mapema, nitumie zile picha nne.